UZI: Makala ya kulipiwa tuandike neno gani ili msomaji ajue ni tangazo?

dada_wa_uyole · Jumanne, saa 2:14 usiku

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Uzi mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi nipo Mbeya, nahariri kwenye tovuti ndogo ya habari za huku kwetu nyanda za juu, tupo wanne tu ofisini, na kusema kweli tovuti yenyewe watu hawaingii moja kwa moja, wanaingia kupitia linki tunazorusha Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp. Jina la ofisi sitalitaja. Hela yetu ni matangazo, na siku hizi tangazo linalolipa vizuri siyo lile bango la pembeni, ni makala. Mteja anakuja na stori yake imeshaandikwa, anataka itoke kama habari nyingine, analipa, inatoka.

Sasa mwezi wa pili tulitoa makala ya duka moja la pembejeo, ya busta ya viazi. Kichwa kilisema wakulima wa viazi wamepata mkombozi wa majani kuungua. Chini ya kichwa "Na Mwandishi Wetu, Mbeya". Halafu mwisho kabisa, baada ya picha na namba za simu, kwa maandishi madogo ya kijivu, "Kwa hisani ya" na jina la duka. Hiyo ndiyo ilikuwa lebo yetu, tangu nimeanza kazi pale nimeikuta na sikuwahi kuihoji.

Wiki mbili zilizopita akaja baba mmoja mtu mzima, katoka Umalila, huko Ilembo. Simu kaifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Akaifungua taratibu, akanionyesha meseji iliyorushwa kwenye grupu la kwaya yao, ile makala. Akaniuliza, "Mwanangu, nyie ndio mliandika hii?" Nikamwambia ndiyo.

Alikuwa na nusu eka ya viazi. Majani yalianza madoa meusi mvua zilipokaza. Duka la pale kijijini lilikuwa na dawa ya ukungu anayoijua, lakini kwenye grupu akasoma kwetu kwamba hii busta inarudisha majani yaliyoungua, akaacha dawa akanunua busta. Kapiga mara tatu, bomba la lita 16. Mashina yakaendelea kuwa meusi. Kavuna magunia 7, msimu wa nyuma shamba hilohilo lilimpa 28.

Nikamuuliza, baba hukuona kwamba ni tangazo? Akasema, "Tangazo liko wapi? Hapa pameandikwa mwandishi wenu." Nikamshushia mpaka chini nikamwonyesha pale kwenye kijivu. Akasoma kwa sauti, kwa hisani ya fulani, akaniangalia, akasema, "Hii si picha? Kwenye picha zenu zote mnaandika hivi."

Na kweli. Kila picha tusiyoipiga sisi tunaandika "Picha kwa hisani ya". Sikuwa na jibu.

Nataka kubadilisha, na bosi kanipa mwezi mmoja nilete pendekezo. Swali langu ni neno gani la Kiswahili linamwambia mtu wa Ilembo, bila kubahatisha, kwamba hii imelipiwa na aliyelipa ndiye kaisema? Na liwekwe wapi, maana makala ikishaingia WhatsApp lebo zote zinabaki kwenye tovuti.

---

kuku_wa_sae · saa 2:31 usiku

Dada pole. Mimi hiyo ya kulipia imenishinda, nimeweka elfu kumi Facebook ili posti yangu ya vifaranga iende mbali, wananiambia inakaguliwa, siku ya tatu hii. Unafanyaje ikubali? Vifaranga wanakua.

---

mzee_wa_meza · saa 3:02 usiku

Kuku wa Sae, hayo ni mambo mengine, hapa tunaongelea makala inayofanana na habari. Fungua uzi wako utasaidiwa.

Binti, kamwene. Mimi nipo Iringa, nimestaafu, nimekaa meza ya wahariri wa magazeti miaka mingi kuanzia enzi za kukata karatasi na gundi. Nitakwambia lililo kubwa kwanza. Kosa lenu halikuanzia kwenye "kwa hisani ya". Lilianzia kwenye "Na Mwandishi Wetu".

Maneno hayo matatu ni ahadi. Msomaji wa Kitanzania anayajua tangu shuleni, maana yake ni kwamba gazeti limetuma mtu wake, ameenda, ameuliza, amerudi, na gazeti linabeba lawama. Ukiyaweka juu ya kitu kilichoandikwa na muuza dawa, hata ukiweka lebo kubwa kama mlango hapo chini, umeshasema uongo mstari wa pili. Sisi zamani makala ya kulipiwa haikupewa jina la mwandishi kabisa. Iliwekwa ndani ya fremu, herufi za aina nyingine, upana wa safu tofauti na habari, na juu ya fremu neno TANGAZO kwa herufi nene. Mpanga kurasa akikosea akatumia herufi zile za habari, ukurasa unarudi. Ile tofauti ya herufi ilikuwa inamsaidia hata mtu asiyesoma lebo, jicho lake linaona tu kwamba hapa pamebadilika.

Kwenye simu mmeiondoa tofauti hiyo. Kila kitu kinatoka kwa herufi moja, rangi moja, kiboksi kimoja. Kwa hiyo kazi iliyokuwa inafanywa na vitu vitano sasa inafanywa na neno moja, halafu hilo neno mkalipaka kijivu.

Kuhusu neno lenyewe, "kwa hisani" ni neno la shukrani. Mtu kakufanyia wema. Aliyekulipa hakukufanyia hisani, kafanya biashara. Yule mzee wa Ilembo kasoma Kiswahili vizuri kuliko nyie.

---

mjasiri_njombe · saa 3:20 usiku

Mzee shikamoo, lakini tuongee ukweli wa soko. Mimi nasaidia kampuni ndogo kutangaza, parachichi, mbao, vifaa vya umwagiliaji. Ukiandika TANGAZO juu watu hawabofyi, mteja anaondoka anaenda kwa blogu nyingine ambayo haiandiki kitu. Neno "Imedhaminiwa" linatosha kabisa, ni la kistaarabu, mitandao mikubwa mingi inatumia maneno ya namna hiyo. Cha msingi umesema, msomaji asiyesoma hilo ni juu yake.

Halafu haya mambo yako chini ya TCRA, wao ndio wenye maudhui ya mtandaoni, kama hawajakwambia kitu uko salama.

---

wakili_mafinga · saa 3:58 usiku

Mjasiri uko sawa nusu. TCRA kweli ndiyo inatoa leseni za maudhui mtandaoni. Ila aliyenunua kitu kwa sababu ya kupotoshwa ana mlango mwingine, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha kwenye biashara, na hiyo iko chini ya Tume ya Ushindani, FCC. Kwa hiyo kutokuambiwa kitu na mmoja hakukupi usalama kwa mwingine. Sisemi dada atashtakiwa, nasema usijenge nyumba hapo.

Kwenye neno "imedhaminiwa" nina kesi moja naipenda, ya Ujerumani. Kuna gazeti la bure la huko upande wa Stuttgart mwaka 2009 lilitoa makala mbili zilizolipiwa na makampuni, na likaandika wazi kabisa kwamba zimedhaminiwa na fulani, jina la mlipaji lipo. Hawakuficha. Gazeti shindani likawapeleka mahakamani. Kesi ikafika mpaka mahakama yao ya juu ya rufaa za madai, Februari 2014 ikaamua kwamba hilo halitoshi. Sheria yao ya habari inataka neno Anzeige, ambalo ni "tangazo" kwa Kijerumani, na mahakama ikasema "imedhaminiwa na" halibebi maana hiyo.

Ukifikiria utaona sababu. Mtu akidhamini ligi ya mpira hachagui nani afunge. Akidhamini taarifa ya hali ya hewa redioni haandiki mvua inyeshe wapi. Kwenye kichwa cha msomaji, mdhamini ni mtu aliyetoa hela akakaa pembeni. Sasa duka la busta halikukaa pembeni, liliandika kila neno. Kwa hiyo "imedhaminiwa" inataja hela na kuficha kalamu, na kalamu ndiyo iliyomponza yule baba.

---

mjasiri_njombe · saa 4:05 usiku

Hapo kwenye kalamu nimekuelewa wakili. Ila bado hamjanijibu mteja anapoondoka tunakula nini.

---

fundi_wa_kabwe · Jumatano, saa 1:40 asubuhi

Asubuhi njema. Nimesoma wote. Mimi natengeneza tovuti, nina za namna hiyo kama tatu mjini hapa, ngoja niseme upande wa WhatsApp maana ndiko lebo inakofia.

Ukituma linki kwenye grupu, kile kiboksi chenye picha na maneno hakichukui ukurasa wako ulivyo. Kinachukua vitu vitatu vilivyofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, kichwa, maelezo mafupi na picha. Lebo yako ya ndani ya ukurasa, hata ungeipaka nyekundu, haipo kati ya hivyo vitatu. Na wengi hawafungui, wanasoma kiboksi wanarusha mbele kwa sababu bando linauma. Kwa hiyo lebo lazima ikae kwenye kile kichwa chenyewe, tena neno la kwanza, maana kichwa kirefu kinakatwa mwishoni.

```html
<meta property="og:title" content="TANGAZO LA KULIPIWA: Busta ya viazi">
<meta property="og:description" content="Imeandikwa na kulipiwa na muuzaji.">
```

Tovuti nyingi zinajaza hivyo vitu zenyewe kutoka kwenye kichwa cha makala. Ndiyo maana wengine wanaweka lebo kama kategoria, inaonekana vizuri kwenye tovuti juu ya kichwa, wanaridhika, kumbe kategoria haiendi kwenye kiboksi. Namna ya kujua ni rahisi, jitumie linki mwenyewe kabla hujairusha, angalia kiboksi tu, usifungue. Kama kwa kiboksi peke yake huwezi kujua kwamba ni tangazo, bado.

Na picha pia. Ile picha ya kwanza andikeni neno ndani ya picha yenyewe, kona ya juu, kwa sababu watu wanapiga picha ya skrini wanatuma picha bila linki.

Kuna kitu kimoja hakirekebishiki. Kile kiboksi kinatengenezwa kwenye simu ya anayetuma muda ule anapotuma, kikishatumwa kimetumwa. Leo ukibadilisha kichwa, meseji zote za mwezi wa pili zilizo kwenye magrupu zinabaki na kichwa cha zamani. Facebook wana ukurasa wao wa kukagua linki, developers.facebook.com/tools/debug, unabandika linki unabonyeza "Scrape Again" na kuanzia hapo watakaoishea wanapata kichwa kipya. WhatsApp za zamani zimeshaondoka. Kwa hiyo hii kazi inafanywa kabla, siyo baada.

La mwisho, linki ya mteja ndani ya makala iwekewe rel="sponsored". Google walileta hiyo mwaka 2019, wanataka linki ya kulipiwa ijulikane kwamba ni ya kulipiwa, na kuna wateja wanalipa makala kwa ajili ya hiyo linki tu ili wapande kwenye Google. Hiyo msomaji haioni, usije ukafikiri umeshaweka lebo.

---

sauti_makambako · saa 3:15 asubuhi

Nyie wa maandishi mna nafuu. Mimi ni mtangazaji wa redio, kituo kidogo, siyo cha kukitaja. Tuna nusu saa inanunuliwa na mtu wa tiba lishe, anakaa studio na mimi, mimi namuuliza maswali. Maswali kayaandika yeye. Mwanzo wa kipindi tunasema kipindi hiki kimeletwa kwenu na fulani, basi, tumemaliza.

Mwezi uliopita nimepanda basi kwenda Njombe, dereva kafungulia sisi, kipindi kimeshaanza dakika kama kumi. Nasikia sauti yangu mwenyewe nasema "daktari, watu wenye sukari wafanye nini?" Mama wa siti ya mbele akatoa simu akarekodi jibu. Sikuwa na la kumwambia, na nimelala nalo mpaka leo.

---

mzee_wa_meza · saa 4:00 asubuhi

Mwanangu, redio inaingiwa katikati. Gazeti mtu anaanzia juu, redio anaanzia alipopandia basi. Kwa hiyo tamko la mwanzo peke yake ni kama halipo. Lirudiwe kila mnapotoka kwenye wimbo au mapumziko na mwisho pia, na liseme jambo lenyewe, "hiki ni kipindi cha kulipiwa, maelezo ni ya muuzaji". "Kimeletwa kwenu" ni udugu wa "kwa hisani".

Na ukiweza, usikae wewe kwenye kiti cha kuuliza. Sauti yako ndiyo "Mwandishi Wetu" wa redio. Watu wanakuamini asubuhi kwenye taarifa ya habari, saa nne unawauzia.

---

sauti_makambako · saa 4:12 asubuhi

Kutokukaa sina uwezo huo mzee, tuko watangazaji watatu na mmoja ana likizo ya uzazi. Tamko nitalipigania.

---

bibi_shamba_rungwe · saa 6:45 mchana

Poleni kwa majukumu. Mimi ni bibi shamba, na mtaniwia radhi nitatoka nje ya swali kidogo maana naona mnaongelea lebo tu.

Busta ni mbolea ya majani. Ukungu wa viazi ule wa madoa meusi, bakajani chelewa, ni ugonjwa, na hakuna mbolea inayouponya. Dawa zenye mankozebu zinakinga, unapiga kabla ugonjwa haujaingia na unarudia kila siku 7 mpaka 10 mvua zikiwa nyingi. Jani likishakuwa jeusi halirudi kuwa kijani kwa kitu chochote. Kwa hiyo ile sentensi ya kurudisha majani yaliyoungua ilikuwa uongo hata kama ingeandikwa TANGAZO kwa rangi ya damu. Kwa nini hamkumuuliza mtu? Kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole, kipo hapohapo mlangoni kwenu. Au hata kusoma kibandiko cha chupa, kama imesajiliwa kama mbolea kibandiko chenyewe hakitataja ukungu, na kama inadai kuua ugonjwa basi ni kiuatilifu, inatakiwa iwe na usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Naogopa mtaweka lebo halafu mseme sisi tulishasema ni tangazo.

---

dada_wa_uyole · saa 8:20 mchana

Bibi shamba ndaga fijo, na hapo umenigusa penyewe. Hatukumuuliza mtu. Makala ilikuja saa 5 asubuhi, saa 7 ikawa hewani, mimi nilisahihisha herufi na koma tu. Nimeongeza kwenye pendekezo kwamba tangazo la dawa, mbolea, mbegu au tiba haliingii mpaka tuone kibandiko au cheti, na sentensi isiyo kwenye kibandiko inatolewa. Mteja akikataa, tunaacha.

Leo mchana nilienda Soko la Matola na Mwanjelwa na simu. Nilitengeneza kiboksi kilekile cha busta kwa maneno matatu tofauti nikawa namwonyesha mtu kimoja tu, nauliza, hii kaandika nani? Siyo utafiti, ni watu wachache niliowakuta.

"Imedhaminiwa". Mama muuza viazi akasema ni mradi wa wafadhili, akauliza kama wanatoa mbegu bure. Kijana wa bodaboda akasema kaandika mwandishi, ila kuna mtu kamlipia nauli. Nikaona wakili alichosema jana kwa macho yangu.

"TANGAZO" peke yake. Hapa nilidhani nimemaliza. Mwalimu mmoja akajibu haraka, muuza dawa. Lakini mama wa mchele akasema hilo ni tangazo la serikali, wanatutangazia dawa mpya imekuja. Nikamuuliza kwa nini serikali, akasema matangazo si ndiyo yanabandikwa ofisi ya kata? Tangazo la chanjo, tangazo la mkutano, tangazo la kifo. Kwake neno tangazo linaongeza uzito badala ya kupunguza.

"TANGAZO LA KULIPIWA, kaandika muuzaji". Wote niliowaonyesha hili walisema muuzaji. Mzee mmoja akaongeza, "basi lazima alisifie." Sikumuuliza zaidi, nilitaka kumkumbatia.

Kwa hiyo kwangu neno ni "tangazo la kulipiwa" na lazima aliyeandika atajwe pamoja nalo, moja bila jingine halifiki.

---

mzee_wa_meza · saa 9:05 mchana

Hiyo ya mama wa mchele imenifundisha. Kwenye gazeti fremu ndiyo ilikuwa inamwambia kwamba ni biashara, neno likiwa uchi linarudi kwenye maana yake ya kwanza, kutangazia watu jambo.

---

mwanahabari_songwe · saa 10:30 jioni

Naomba kuuliza bila ugomvi. Halmashauri ikitulipa kurasa mbili kila mwaka za mafanikio yao, tunaita "Makala Maalumu", picha ya mkurugenzi juu. Hiyo nayo tangazo la kulipiwa? Na mashirika yanayotubeba na gari lao kwenda kuona mradi kijijini, wanatupa posho, tunarudi tunaandika? Mkiweka lebo kwenye hiyo kila siku gazeti zima litakuwa lebo.

---

wakili_mafinga · saa 11:10 jioni

Mimi natumia swali moja, nani anaisoma kabla haijatoka na anaweza kusema hapana? Halmashauri inaletewa kurasa kuidhinisha na inaweza kufuta mstari. Basi ni tangazo lao, kuwa serikali hakubadilishi kitu, na "Makala Maalumu" haisemi chochote, maalumu kwa nani? Gari la shirika ni tofauti kama ukirudi unaandika unachotaka, hata kwamba kisima hakitoi maji. Hapo unaandika mstari mmoja kwamba usafiri na posho vilitolewa na shirika. Msomaji atapima.

---

mwanahabari_songwe · saa 11:26 jioni

Kwenye karatasi naandika ninachotaka. Ila nikiandika kisima hakitoi maji safari ijayo sipigiwi simu. Kwa hiyo hakuna anayeisoma kabla, lakini hapana ipo. Hilo swali lako linapita hapo?

---

wakili_mafinga · saa 11:40 jioni

Halipiti vizuri, nakubali. Mstari wa posho uandikwe hivyohivyo, ila haumalizi tatizo lako.

---

kipepeo_ipinda · saa 1:50 usiku

Nyongeza ndogo kuhusu komenti. Januari 2013 jarida la Marekani, The Atlantic, liliweka kwenye tovuti yake makala ya kulipiwa ya kanisa la Scientology. Lebo ilikuwepo juu, siyo kwamba waliificha. Iliwaka moto, siku hiyohiyo wakaitoa, halafu wakaomba radhi. Moja ya vitu vilivyokasirisha watu ni kwamba komenti za kupinga zilikuwa zinachujwa na idara ya masoko. Msomaji aliyefungua akaona sifa juu na sifa chini, akadhani hata wasomaji wenzake wamekubali.

Dada, ile posti yenu ya busta Facebook komenti zilikuwaje?

---

dada_wa_uyole · saa 2:35 usiku

Nimeenda kuangalia baada ya swali lako. Kulikuwa na komenti mbili za mwezi wa tatu, mmoja wa Kikondo na mwingine hakusema anatoka wapi, wote wanasema wamepiga haikusaidia. Zote zimefichwa. Mteja alimpigia bosi, bosi akamwambia kijana wetu wa mitandao, akazificha. Mimi sikujua. Yule baba alinunua mwishoni mwa mwezi wa tatu. Kama zingekuwepo angeweza kuziona.

Nimezirudisha usiku huu bila kumuuliza mtu.

---

mjasiri_njombe · saa 2:50 usiku

Dada umefanya sawa. Nami nirudi kwenye lile la wateja, maana jana niliongea kama mtu wa soko. Tatizo linakuja mteja akishalipa ndiyo unamwambia kuna lebo, anaona umemgeuka. Mimi nitafanya hivi, kwenye ile karatasi ya bei yenyewe, kabla ya hela, iandikwe kwamba makala itaanza na maneno "Tangazo la kulipiwa" kwenye kichwa, haitakuwa na jina la mwandishi wetu, komenti hazifichwi isipokuwa matusi. Anayetaka anasaini. Leo nimemsomea mmoja wa mabomba ya umwagiliaji kwa simu, kasema sawa tu, yeye shida yake watu wajue duka liko wapi. Mwingine wa vidonge vya kupunguza mwili kakata simu.

---

dada_wa_uyole · Ijumaa, saa 12:20 jioni

Mrejesho wakuu. Bosi kakubali mengi, siyo yote. "Na Mwandishi Wetu" imetoka kwenye kila cha kulipiwa kuanzia leo. Kichwa kinaanza TANGAZO LA KULIPIWA, fundi wa Kabwe kanisaidia kwenye kile kiboksi na neno kwenye picha, nimejitumia linki nimeona. Sentensi ya kwanza ndani ya makala inamtaja aliyeandika na kulipa, kwa ajili ya wale wanaokopi maandishi wakabandika bila linki. Karatasi ya bei tumechukua maneno ya mjasiri.

Alichokataa ni makala za halmashauri, anasema hizo ziendelee na "Makala Maalumu" kwanza mpaka mwaka wa fedha uishe kwa sababu mkataba umeshasainiwa. Sijakubaliana naye, tumeacha hapo.

Ile ya busta hatukuifuta. Tumeweka juu kabisa masahihisho kwamba lilikuwa tangazo la muuzaji, tulikosea kuliita kazi ya mwandishi wetu, na busta haitibu ukungu, bibi shamba kanipitishia hiyo sentensi ya mwisho. Halafu nikampigia yule baba nikamwomba airushe linki mpya kwenye lile grupu la kwaya, maana mimi simo na meseji ya zamani bado iko pale. Karusha saa kumi. Kaniambia watu wawili wameshamuuliza kama duka litawarudishia hela, nami hilo sijui nimjibu nini, mteja tangu juzi hapokei simu yangu. Wakili, kama upo, naomba uje inboksi.